Maswali na majibu: Tarakimu zinazoyumba kwenye orodha ya bei

Swali: Habari ndugu fundi. Nachapisha orodha za bei za maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kadutu, Bukavu. Natumia Word na fonti ya Corbel maana inapendeza. Lakini bei zinapanda na kushuka kama hazikuandikwa kwa saizi moja, na hata nikizisukuma zote kulia, elfu na mamia hazikai chini ya wenzake. Kuna aliyeniambia nichague tarakimu za kimo kimoja. Nimezichagua, zimesimama vizuri, ila safu bado haijanyooka. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, ushauri uliopewa ni sahihi, ila ni nusu ya kazi. Tarakimu zina mambo mawili yasiyotegemeana: kimo na upana. Wewe umerekebisha kimo, upana umebaki kama ulivyokuwa.

Tuanze na kimo. Tarakimu za kimo kimoja zote zinakanyaga mstari uleule wa chini na kufika karibu na urefu wa herufi kubwa. Zile za mtindo wa kale zinafuata mwendo wa herufi ndogo: 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi x, 6 na 8 zinapanda juu, na 3, 4, 5, 7 na 9 zinashusha mkia chini ya mstari. Ndani ya aya ya maneno zinapendeza sana, kwa sababu mwaka kama 1998 hauchomozi katikati ya herufi ndogo. Kwenye orodha ya bei zinaharibu. Chukua bei mbili za mfano, 411 100 na 386 900. Kwa mtindo wa kale, ya kwanza ina 4 inayoshuka, kisha zote ni fupi; ya pili inapanda na kushuka kila upande. Mteja anaona kana kwamba bei ya kwanza imeandikwa kwa maandishi madogo, ingawa saizi ni ileile.

Sasa upana. Katika fonti nyingine kila tarakimu inapewa nafasi inayolingana na umbo lake, kwa hiyo 1 inakula nafasi ndogo kuliko 8. Katika nyingine zote kumi zinapewa nafasi sawa, na 1 inaachiwa hewa pande zote mbili. Rudi kwenye bei zetu mbili na uzisukume kulia. Sufuri za mwisho zinalingana. Lakini 1 ya mamia ni nyembamba kuliko 9, hivyo pengo la elfu katika 411 100 linasogea kulia, na zile 1 mbili zilizobaki zinaongeza mteremko. Ukifika kwenye 4 ya mwanzo, haiko tena juu ya 3 ya chini yake. Hilo ndilo linalokusumbua.

Corbel, kama Candara na Constantia, imetengenezwa hivi tangu mwanzo: bila kugusa chochote inatoa mtindo wa kale na upana wa umbo. Calibri, Cambria na Consolas zinatoa kinyume chake, kimo kimoja na upana sawa. Georgia ina njia ya tatu: upana ni sawa, ila kimo ni cha kale, kwa hiyo safu zake zinanyooka huku tarakimu zikirukaruka. Ndiyo maana usikisie kwa kutazama jina la fonti. Andika mistari hii mitatu, isukume kulia, uipime kwa macho:

```
0123456789
111 111
888 888
```

Mstari wa kwanza unaonyesha kimo. Kama ncha za kushoto za mistari miwili ya chini hazilingani, upana ni wa umbo.

Kurekebisha kwenye Word (kuanzia toleo la 2010) teua safu ya bei, bonyeza Ctrl+D, nenda kwenye kichupo cha pili, kisha kwenye sehemu ya OpenType. Orodha ya kwanza ni ya herufi zilizounganishwa, iache. Ya pili inahusu upana: kwa Kiingereza imeandikwa `Number spacing`, chagua `Tabular`. Ya tatu inahusu kimo: `Number forms`, chagua `Lining`. Kama Word yako ni ya Kifaransa, fuata mpangilio huohuo wa orodha. Bora zaidi ni kuweka chaguo hizi ndani ya staili moja ya aya, uipe jina “Bei”, ili usirudie kwa mkono kila mteja anapoleta orodha mpya. Kama faili ni ya zamani ya .doc, ihifadhi kwanza kuwa .docx, la sivyo chaguo hizi hazitafanya kazi.

Anayetumia LibreOffice aandike hivi kwenye kisanduku cha jina la fonti:

```
Corbel:lnum&tnum
```

Excel haina chaguo hizi kabisa. Huko tumia fonti ambayo tayari iko sawa, kama Calibri au Arial, usipoteze muda kuilazimisha Corbel.

Ukishabadilisha, pitia safu yote taratibu. Ukiona sufuri moja imebaki fupi wakati nyingine zote zimerefuka, hiyo si sufuri, ni herufi o. Kwa mtindo wa kale 0 inafanana mno na o, na 1 ya baadhi ya fonti inafanana na herufi I iliyopunguzwa, kwa hiyo mpiga chapa anakosea bila mtu kuona. Kosa hili ni zito kuliko mpangilio, maana Excel haitajumlisha bei yenye herufi ndani yake.

Mambo mengine mawili yanaweza kupotosha safu hata tarakimu zikiwa sahihi. La kwanza ni alama ya pesa. Ukiandika FC kwenye mstari mmoja na $ kwenye mwingine, baada ya namba, kila bei inasukumwa kwa kiasi tofauti. Weka alama kwenye kichwa cha safu, faranga safu yake na dola safu yake. Kwenye dola andika senti kila mahali, 12,50 na 1 250,00, kamwe si 12,5 juu ya 1 250. Hapo kusukuma kulia kunatosha. Na usipange kwa kubonyeza nafasi nyinginyingi, kwa sababu nafasi ya kawaida haina upana wa tarakimu.

La pili ni jumla iliyokolezwa. Katika Arial na Times New Roman tarakimu nzito zina upana uleule wa zile za kawaida: Arial ni kama 0,556 ya saizi ya fonti, Times ni nusu kamili. Katika Georgia nzito ni pana zaidi, na mstari wa jumla unatoka nje ya safu. Pima kwa kuandika 888 888 ya kawaida juu ya 888 888 nzito. Zisipolingana, iache jumla iwe ya kawaida na uchore mstari juu yake, inasomeka vilevile.

Mteja akitaka kuchapa kwingine kwa flashi, mpe PDF. Ukimpa faili la Word na mashine ya huko haina Corbel, itawekwa fonti nyingine, na chaguo zako zitategemea kama fonti hiyo inazo. Barua inayoambatana na orodha unaweza kuiacha na tarakimu za mtindo wa kale, isipokuwa vichwa vyenye herufi kubwa tupu: hapo mwaka wa kimo cha kale unaonekana umezama.