Surua hufuta kumbukumbu ya kinga

"Mwanangu alipona surua miezi minne iliyopita. Mbona sasa anaugua mara kwa mara? Chanjo ingezuia hili?"

Ndugu mzazi, virusi vya surua huvamia na kuua chembe zilezile za kinga zinazokumbuka maradhi ya zamani, hivyo mtoto hubaki na kinga imara dhidi ya surua yenyewe, lakini vijidudu vya nimonia alivyokwisha kuvishinda humkuta kama mgeni. Utafiti wa mwaka 2019 kwa watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa ulionyesha kwamba walipoteza asilimia 11 hadi 73 ya kingamwili zao, na kurejea kwa kinga hiyo huweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Virusi vya chanjo, vikiwa vimedhoofishwa, havifuti kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo chanjo hupunguza pia vifo vya maambukizi mengine. Akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.