Usiisaini kwanza: jibu kwa rafiki aliyeachishwa kazi

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Pole sana. Miaka yote ile, halafu mtu anaitwa ofisini jioni, anaambiwa nafasi yake haipo tena, na kabla hajakusanya vitu vyake barua pepe yake imeshafungwa. Kasirika ukitaka kukasirika. Na usipohisi chochote kwa siku chache, usijishangae. Mimi nilipopunguzwa kazi, siku ile ya kwanza nilichosikia ni usingizi tu.

Sitakuambia kwamba kila jambo lina sababu yake. Wala sitakuambia ufungue biashara, maana wengi wanaotoa ushauri huo mshahara wao bado unaingia kila mwisho wa mwezi. Wasifu wako uache kwanza, hauozi. Katika yote uliyoniandikia kuna kitu kimoja tu kisichoweza kusubiri, nacho ni ile karatasi wanayotaka uirudishe kesho ikiwa na saini.

Usiisaini kwanza. Kama wanachotaka ni kuthibitisha kwamba barua imekufikia, andika kwa mkono "Nimepokea", weka tarehe, kisha saini chini ya maneno hayo. Lakini angalia sehemu ya chini ya ukurasa. Mara nyingi huko ndiko kunakokaa sentensi isemayo kwamba umelipwa stahiki zako zote na huna madai yoyote dhidi ya mwajiri. Kupokea barua ni jambo moja, kukubali hesabu ni jingine, na wao wameyaweka yote chini ya saini moja. Kuomba siku mbili tatu za kuisoma si ukorofi. Waombe kwa maandishi, kwa upole, ubaki na nakala.

Kuna hilo la pili, la yule afisa utumishi aliyekuambia kwamba ingekuwa vizuri uandike barua ya kujiuzulu ili jina lako lisichafuke. Huenda anakutakia mema, sijui. Ila wao ndio waliokuambia nafasi imefutwa. Anayepunguzwa na anayejiuzulu hawalipwi sawa: kwa kawaida malipo ya kupunguzwa kazi ni ya yule aliyeondolewa, na mtu akishaandika kwa mkono wake kwamba ameondoka kwa hiari, kuja kudai baadaye kwamba aliondolewa huwa kazi ngumu. Kama nafasi imefutwa, barua iseme hivyo. Hakuna aibu ndani yake.

Nikupe mfano wa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopunjwa bila kelele. Tulipopunguzwa sisi, mwenzangu tuliyekuwa tukikaa meza moja alikataa kusaini siku ileile, akaenda nyumbani na karatasi. Alichokiona ni mstari wa likizo. Siku zake ambazo hakuzitumia zilikuwa zimehesabiwa, lakini mshahara wake wa mwezi ulikuwa umegawanywa kwa 30 ili kupata malipo ya siku moja, wakati likizo yenyewe ilihesabiwa kwa siku za kazi tu. Chukua mtu mwenye siku 11 za likizo zilizobaki, anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi. Ukigawanya mshahara kwa 22, anastahili nusu ya mshahara wa mwezi. Ukigawanya kwa 30, anapata zaidi kidogo ya theluthi. Siku ni zilezile, mshahara ni uleule, kilichobadilika ni namba ya chini tu. Mwenzangu aliuliza kwa barua fupi wametumia kanuni gani, wakarekebisha bila ubishi. Hakuhitaji wakili. Alihitaji usiku mmoja na kikokotoo. Kanuni inayotumika kwako inategemea mkataba na sheria ya kazi ya huko uliko, kwa hiyo usiende kupigana na namba yangu. Uliza wao wametumia ipi, na imeandikwa wapi.

Tukiipata barua mkononi, mistari tutakayoitafuta ni minne: mshahara wa siku ulizofanya kazi mwezi huu, malipo ya notisi kama hawakukupa muda wa kutosha, likizo, na kiinua mgongo au malipo ya kupunguzwa kama unastahili. Kama mstari mmoja haupo, tutauliza uko wapi.

Kuna jambo moja watu hulikumbuka wamechelewa. Yale makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii yaliyokuwa yakionekana kwenye slipu ya mshahara kila mwezi, hakikisha kweli yalifika kwenye mfuko. Kukatwa si kupelekwa. Omba taarifa ya michango yako huko kwenye mfuko wenyewe, uilinganishe na slipu, mwezi kwa mwezi. Slipu zako ukiwa umeziacha kwenye barua pepe ya ofisi, waandikie wakutumie pamoja na cheti cha utumishi. Usimwombe mtu wa ndani akutolee mafaili kwa siri. Utamponza, na wewe utawapa sababu ya kukusumbua.

Kama kuna kitu hakikai sawa na wakakataa kukirekebisha, tutakwenda ofisi ya kazi au kwa chama cha wafanyakazi, na hapo tarehe ni muhimu. Muda wa kupeleka malalamiko huwa na kikomo, na unaweza kuwa mfupi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nimelisema hili leo, ingawa najua huna hamu nalo.

Umeniuliza uwaambie nini nyumbani. Sina maneno mazuri ya kukupa. Ninachojua ni kwamba wale wanaokula kwenye mshahara huo wanapaswa kujua kabla ya mwisho wa mwezi, na wasikie kutoka kwako. Wengine wote, ukoo mzima na makundi ya simu, wanaweza kusubiri mpaka utakapokuwa tayari. Mimi sijamwambia mtu. Akitokea mtu ninayemfahamu anatafuta mfanyakazi wa fani yako, nitakuuliza wewe kwanza kabla ya kutaja jina lako.

Upande wangu ni huu. Barua nitaisoma nawe na hesabu tutaipiga pamoja. Nitakutumia kitu kidogo cha kusukumia wiki hizi. Si mkopo, usiuandike popote, na usinirudishie hata ukipata. Sitakuuliza "umepata?" kila tukiongea, kwa sababu ukipata nitasikia furaha yako kabla sijauliza. Wiki hii simu zitakuwa nyingi, na zitakuchosha. Wiki ya tatu au ya nne ndipo zinapokatika, watu wakiwa wamerudi kwenye mambo yao, na kwangu mimi huo ndio ulikuwa wakati mzito kuliko siku yenyewe. Wakati huo nitakuja tuongee mpira tu, kama hutaki kuongea kazi.

Sasa nipigie picha ile barua, kurasa zote, hata wa nyuma unaoonekana mtupu. Nitakupigia kesho mapema kabla hujaenda kuwajibu. Usipopokea nitajua umelala, nitapiga tena.