Bibi anaishi peke yake kwenye tembe, chumba kimejaa mizigo: tuanzie wapi?

Swali: Bibi yetu ana miaka 78, anaishi peke yake kijijini wilaya ya Chamwino, nyumba ya tembe. Chumba chake kimejaa magunia, ndoo mbovu, nguo za zamani, mpaka unapita kwa ubavu. Panya wamejaa na juzi tumeua nge. Tena anapata homa inayokwenda na kurudi, kipimo cha malaria kinasema hana. Tukitaka kutoa vitu anakuwa mkali. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na homa, kwa sababu haiwezi kusubiri usafi. Homa inayopanda siku kadhaa, ikakata, kisha ikarudi baada ya wiki hivi, kwa mtu anayelala kwenye nyumba ya udongo huku kwetu Dodoma, lazima ikufanye ufikirie homa ya papasi, inayoletwa na papasi, yule kupe wa kwenye nyumba za udongo, akimuuma mtu. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakiioni kabisa. Mpeleke kituo cha afya siku ambayo joto liko juu, na umwambie mganga waziwazi kwamba nyumba ni tembe na unashuku papasi, ili maabara waangalie damu kwa darubini. Vijidudu vya ugonjwa huo huonekana damuni wakati homa imepanda, na homa ikikata unaweza usivione. Dawa zipo na zinatibu vizuri, ila dozi ya kwanza huweza kuamsha homa kali na kutetemeka ndani ya saa chache, na presha ikashuka. Kwa mzee wa umri huo, dozi hiyo anywe akiwa chini ya uangalizi kituoni, si nyumbani peke yake.

Sasa chumba. Papasi haishi kwenye gunia wala kwenye nguo. Mchana amejificha kwenye nyufa za sakafu na pale ukuta unapokutana na sakafu, ndani ya vumbi laini. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa muda mfupi, anarudi. Kazi ya ile mizigo ni kumfunika: inakuzuia kufagia, kuziba ufa na kupuliza dawa pale alipo. Kuhamisha bibi kwa mwezi mmoja ili papasi wafe njaa hakusaidii, maana papasi aliyekomaa anaweza kukaa miaka bila kula.

Kujua kama wapo ni rahisi. Chukua kijiko, kwangua vumbi kwenye ufa ulio chini ya ukuta karibu na kitanda, lipitishe kwenye chekeche, kisha yale mabaki yamwage kwenye beseni jeupe na uliweke juani. Mwanzoni utaona kama vijiwe vya kijivu. Subiri dakika chache. Papasi akipata joto anaanza kutoa miguu na kutembea. Aliyekomaa anakaribia ukubwa wa punje ya maharage, mwili umekunjamana kama ngozi kavu, na ukimwangalia kwa juu huoni kichwa.

Kwa hiyo msijiwekee lengo la kuacha chumba kitupu. Lengo ni ukanda wa sakafu ulio wazi kuzunguka kuta zote, upana wa nusu mita, usio na kitu chochote. Hili ndilo litakalowapatanisha na bibi. Mwambieni, "Bibi, hatutupi kitu, tunakisogeza ukuta upumue." Magunia ya mtama na karanga yapandishwe juu ya chaga katikati ya chumba, au yahamie chumba kingine kilicho kikavu. Vya kutupa ataamua mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda kivulini, nje ya mstari wa mlango, mkimletea kimoja kimoja. Msifanye kazi hii akiwa kliniki au kanisani. Wazee wengi wamefunga hela, kadi za matibabu na karatasi za shamba kwenye kitambaa na kukichomeka ndani ya gunia, hivyo kila gunia lifunguliwe na kupapaswa mbele yake kabla ya kwenda jalalani.

Kabla ya kugusa kitu, mwangalieni anavyotembea humo ndani. Utashangaa: ile ndoo unayoiona takataka ndiyo anayoishika akinyanyuka kitandani, na lile gunia pembeni ndilo linalomwelekeza mlangoni usiku. Mkiondoa vyote kwa mara moja, anaamka gizani, ananyoosha mkono, hakuna kitu, anaanguka. Wekeni kwanza kigingi imara au kiti kizito mahali pale pale, ajizoeze mchana, ndipo mtoe ndoo. Kitanda na njia ya kwenda mlangoni visibadilishwe siku moja na mengine.

Fanyeni kona moja kwa siku, asubuhi, mlango ukiwa wazi na hakuna aliyesimama kizingitini. Vaeni mabuti na glovu za ngozi. Vuteni kila mzigo kwa fimbo yenye ndoano, na mkiinua kitu bapa inueni upande ulio mbali nanyi, ili nge au nyoka akikimbia akimbilie upande ule. Palipo na panya, swila naye hufuata, na anatema sumu machoni. Mwenye miwani aivae. Sumu ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi hapo hapo, kisha kituo cha afya.

Mavi ya panya yasifagiwe makavu. Yanyunyizieni jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, msubiri kama dakika kumi, kisha yakusanyeni kwa tambara lililolowa.

Kona ikishakuwa wazi, ndipo dawa inaingia. Ongeeni na afisa afya wa kata kuhusu kupuliza dawa ya kundi la pairethroidi inayobaki ukutani, ikielekezwa kwenye nyufa na chini ya ukuta. Ina ushahidi wa hapa hapa kwetu: mwaka 1998 ilichapishwa kazi iliyofanywa Mvumi, ambako nyumba zenye papasi zilipulizwa dawa ya kundi hilo na homa ya papasi ikapungua kwa watoto wa chini ya miaka 5. Bibi asirudi chumbani mpaka dawa ikauke kabisa, na chakula na vyombo vitoke kwanza.

Mitego ya panya iwekwe baada ya dawa, si kabla. Panya akifa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine, na iliyo karibu ni ya bibi. Mtego wa kubana, wenye karanga iliyopondwa, ukae ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hupita akijisugua hapo. Sumu za kupimiwa barabarani zisizo na lebo msizilete kwa mzee anayeishi na nafaka chumba kimoja.

Mwisho zibeni nyufa. Mkiweza sakafu ya saruji, vizuri sana, na kama haiwezekani basi udongo ulioshindiliwa, ukirudiwa kila unapopasuka. Kitanda kisigusane na ukuta, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro, na kuku walale nje, kwa sababu papasi hula kwao pia. Baada ya mwezi mmoja rudieni chekeche kwenye nyufa zile zile. Akionekana hata mmoja anayetembea, mpuliza dawa aitwe tena, na mwangalie kwanza kama mizigo haijarudi kuegemea ukuta.