Sura 112 za kitabu cha kusikiliza zimevurugika kwenye simu

"Wakuu, sura 112 za mp3, simu inazigawa vitabu vitatu na baada ya 1 inaruka 10, kava pia hakuna, nihariri moja moja?"

Usihariri moja moja kaka, chukua Mp3tag kwenye kompyuta, fungua folda nzima, bonyeza Ctrl+A halafu jaza Album na Album Artist mara moja tu, kisha Ctrl+S kuhifadhi. Kugawanyika vitabu vitatu mara nyingi ni Artist inayobadilika, wasomaji wako tofauti na Album Artist iko tupu, jina likifanana herufi kwa herufi kote zinaungana. Sehemu inayoonyesha `<keep>` usiiguse, hasa Title, ukiandika kitu hapo sura zote zinapata jina moja.

Kuhusu mpangilio, kuna wanaosema ubadilishe majina ya faili na wana pointi, ila pleya nyingi zinafuata namba ya Track. Kwanza hakikisha orodha imejipanga sawa kwa macho yako, maana Auto-numbering Wizard (Ctrl+K) inahesabu kama inavyoona, kisha weka tiki kwenye sifuri za mbele upate 001, 002.

Kava ndo watu wanapojaza simu bure. Picha inaingia ndani ya kila faili, kwa hiyo picha ya MB 3 mara 112 ni MB 336 za picha tu! Ipunguze kwanza iwe JPEG ya 600 kwa 600, iburute kwenye kisanduku cha kava, Ctrl+S.

Kama ni m4b yenye sura ndani, hiyo ni habari nyingine, tuambie.