Ripoti ya mtahini wa nje: Maalim anajibu

Assalamu alaykum Maalim. Nimepata 38 na sapu inaninyemelea. Nikimwandikia mtahini wa nje, hawezi kuniongezea mbili tu? (Mwanafunzi, Tunguu)

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Hawezi, na akifanya hivyo ripoti yake imeharibika. Yeye husoma sampuli. Akikuta kosa la usahihishaji, huliandika, kisha idara hulirekebisha kwa kila aliyeguswa nalo. Akikuongezea wewe kwa kuwa karatasi yako imeangukia mezani kwake, mwenzako mwenye 38 ambaye yake imebaki kabatini atakuwa amedhulumiwa. Njia yako ni rufaa, na rufaa ina siku zake, kwa hivyo usilale. Jambo moja la kukutuliza: katika vyuo vingi karatasi zote zilizofeli huingizwa kwenye sampuli, kwa hivyo huenda yako imeshasomwa.

Maalim, ripoti inasema wasahihishaji wetu watatu hawalingani. Tuligawana karatasi 180 za kozi moja, kila mtu 60, bila kuchagua. Kwenye swali la pili, lenye alama 20, wastani wetu ni 11.6, 9.1 na 11.7. Mimi nilidhani mkosa ni wa pili, lakini mtahini amesema kazi ya wa tatu irudiwe yote. Anamwonea? (Mhadhiri, Mjini Unguja)

Hamwonei. Nimelitazama jedwali ulilonitumia. Mtahini alisahihisha upya karatasi tano za kila mmoja. Kwa msahihishaji wa kwanza hakuna karatasi iliyopishana kwa zaidi ya alama moja, basi huyo tumwache.

Wa pili: pale mtahini alipotoa 14, yeye alitoa 11. Palipokuwa na 9 alitoa 7. Kisha 16 kwa 13, 12 kwa 10, na 7 kwa 4. Mtu huyu ni mkali, lakini ukali wake ni wa aina moja kwa wote. Aliyeandika vizuri bado yuko juu ya aliyeandika vibaya, na mpangilio wa wanafunzi haukuvurugika. Ukali kama huu karibu kila mara una chanzo kimoja unachoweza kukigusa kwa kidole. Hapa, ukifungua karatasi, utaona amekata alama kila ambapo mwanafunzi hakutoa mfano, na mwongozo wenu wa kusahihishia haukusema kama mfano ni lazima. Dawa yake ni bodi kuamua kuhusu mfano, kisha yeye apitie swali hilo katika karatasi zake zote 60 na kurudisha alama alizokata. Zote, si zile tano za sampuli. Wala msimwongezee kila mtu tatu kwa mkupuo, kwani wapo waliotoa mfano na hawakukatwa kitu.

Sasa wa tatu. Mtahini 12, yeye 17. Mtahini 13, yeye 8. Halafu 10 kwa 14, 15 kwa 11, na 9 kwa 9. Jumlisha tofauti hizo: tano juu, tano chini, nne juu, nne chini, sifuri. Jumla ni sifuri! Ndiyo maana wastani wake unang'ara kama wa mwenzake wa kwanza, na ndiyo maana idara inayoangalia wastani peke yake haitamgundua kamwe. Lakini yule wa 13 amepewa 8, na yule wa 12 amepewa 17. Hapa hakuna cha kuongeza wala kupunguza kitakachonyoosha mambo, kwa sababu kosa halina mwelekeo. Swali hilo lisahihishwe upya katika karatasi zote 60, na mtu mwingine.

Dalili za usahihishaji wa namna hii huonekana hata kabla ya kupiga hesabu. Karatasi haina alama za vipengele, bali nambari moja tu nyekundu mwisho wa jibu. Mwandiko mzuri na majibu marefu yamepata nyingi. Karatasi za mwisho wa rundo zimesahihishwa kwa vema mbili tatu, basi.

Nina neno na mtahini wenu pia. Karatasi tano zinatosha kushuku, hazitoshi kuhukumu. Kabla ya kuamuru 60 zirudiwe, angeomba nyingine kumi za wa tatu, azichague mwenyewe kwenye orodha ya majina. Na alisahihisha akiziona alama za mwanzo? Ukishaiona 8 nyekundu, mkono wako huvutwa kuelekea 8. Mpelekeeni nakala zilizotolewa kabla ya kusahihishwa. Gharama yake ni karatasi na wino.

Mtahini amelikataa swali letu: “Jadili lahaja za Kiswahili. (Alama 20)” Mada imo kwenye mtaala na tumeifundisha wiki nne. Kosa liko wapi? (Mkufunzi, Chake Chake)

Mada haina kosa. Mpe swali hilo mwalimu mwenzako, umfiche mwongozo, umwambie aandike hoja atakazozitafuta. Mmoja atataja Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi na mahali zinapozungumzwa. Mwingine ataeleza namna Kiunguja kilivyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Wote wamejadili lahaja. Mwongozo wenu, naona, unatoa alama tano kwa kila lahaja iliyotajwa, hadi nne. Huyo wa pili atapata nini? Msahihishaji mwenye huruma atampa 14, mwenye kufuata maandishi atampa 5. Tofauti nyingi za wasahihishaji huzaliwa hapa, kwenye swali lenyewe.

Lifunge kwa data. Wape jozi za Kiunguja na Kimvita: *mchele* na *mtele*, *macho* na *mato*, *ficha* na *fita*. Waoneshe sauti zinazopishana (alama 3), waeleze upishanaji huo kwa maneno yao (5), kisha watumie lahaja moja waliyoisoma darasani kuonesha upishanaji mwingine wa sauti kwa mifano minne (12). Hapo mwongozo unajiandika, na aliyekariri orodha ya majina hatapita kwa orodha.

Mimi ni katibu wa bodi ya mitihani ya skuli. Kila mwaka pendekezo ni lile lile: “Idara iboreshe usahihishaji.” Tulifanyie nini? (Wete)

Lirudisheni. Pendekezo lisilo na mtu, tarehe na kitu cha kukagua halitekelezeki. Ningekuwa mimi ningeandika hivi: “Kuanzia mitihani ijayo, kila msahihishaji achukue swali moja na alisahihishe kwa wanafunzi wote. Mratibu wa kozi ahifadhi orodha ya nani alisahihisha swali gani.” Mabadiliko hayo peke yake yanapunguza nusu ya kelele, kwa sababu mkali anakuwa mkali kwa darasa zima.

La pili ningeandika kuhusu asubuhi ya kwanza: wasahihishaji wote wasome karatasi tano zile zile, kila mtu kivyake, kisha wakae. Wakipishana kwa zaidi ya alama mbili katika 20, waongeze maelezo kwenye mwongozo na kuyatia saini. Mwakani mtahini anaiomba karatasi hiyo yenye saini. Ipo au haipo.

Mtahini wetu hufika kwa boti ya asubuhi na kurudi Dar kesho yake jioni, na kozi ni 14. Ripoti hiyo tuiamini? (Hakutaja jina)

Tazameni kama ameandika amesoma karatasi ngapi za kila kozi na kwa kigezo gani. Kama hakuandika, mwulizeni kabla bodi haijakaa. Na nyinyi mpelekeeni maswali na miongozo wiki kadhaa kabla, ili siku zile mbili zibaki za kusoma majibu tu.