Jibu: Kupeana mkono na suala la silaha
"Wakuu, ni kweli watu walianza kupeana mikono ili kuonyesha hawana silaha?"

Mkuu, inawezekana, maana mkono wa kulia ndio ushikao upanga. Ila ushahidi wa kale unaelekea zaidi kwenye mapatano. Kuna mchongo wa karne ya 9 KK uliofukuliwa Nimrud, Iraki, kwenye jukwaa la kiti cha enzi: mfalme Shalmaneser III wa Ashuru ameshikana mkono na mfalme Marduk-zakir-shumi wa Babeli. Huyu wa Babeli alikuwa ameasiwa na ndugu yake, Shalmaneser akamsaidia kuuzima uasi. Hapo wanatangaza ushirika wao. Halafu tazama mawe ya makaburi ya Athene ya kale: mume na mke wanashikana mikono vilevile, na kati yao silaha haihusiki kabisa.