Maswali na Majibu: Mwanafunzi Anapotaka Kazi ya Saa Chache

Tangazo la duka kubwa la vyakula linataka keshia, halitaji wanafunzi. Niulize kwanza, au niseme nasoma nikifika kwenye usaili? (Mwaka wa pili, Dar es Salaam)

Uliza kwanza. Duka la kufunguliwa siku saba huendeshwa kwa zamu, na msimamizi anajua wapi ana upungufu. Mara nyingi ni jioni na mwisho wa wiki, saa ambazo wewe huna vipindi. Ukisubiri usaili, atakuwa ameshakuhesabu kwa wiki nzima, na masomo yataonekana kama jambo ulilomficha. Kama mwisho wa kutuma maombi ni kesho, tuma, lakini taja saa zako ndani ya barua.

Nilimwandikia meneja: "Habari, mnachukua wanafunzi?" Kimya. Nimekosea nini?

Ulimwachia kazi ya kukisia. Hajui unasoma asubuhi au jioni, wala unaomba nafasi gani. Fungua ratiba yako ya muhula, toa vipindi, toa na muda wa foleni ya daladala, kisha mpe kinachobaki:

"Habari za kazi. Nimeona tangazo la keshia. Nasoma biashara, mwaka wa pili. Naweza kuingia Jumatatu na Jumatano saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, na Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, jumla saa 16 kwa wiki. Mna zamu zinazoangukia humo, au mnahitaji mtu wa siku zote?"

Hilo analijibu akiwa amesimama dukani. Akikubali, mwambie mapema, kabla hujatuma maombi, kwamba ratiba hubadilika kila muhula, na umuulize wiki za mitihani zinapangwaje. Akijibu "wewe omba tu, tutaangalia", hajakubali bado. Muulize ni zamu zipi hasa. Akikwepa tena, jiandae kuambiwa baadaye kuwa keshia anatakiwa kila asubuhi. Na tafadhali usimtajie saa ambazo utazipata kwa kukacha vipindi.

Niko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, nasoma shahada ya kwanza. Mwajiri anasema saa "zitategemea wiki". Niombe?

Kwanza muulize kama ataweza kukuwekea kikomo cha saa 20 kila wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Kwa shahada, hicho ndicho kikomo cha kawaida wakati wa muhula, na huhesabiwa kwa waajiri wako wote kwa pamoja. Hakuna kufidia: ukifanya saa 26 wiki hii na 14 ijayo, wastani ni 20, lakini wiki ya kwanza umevunja masharti ya viza. Kwa hiyo muulize pia kama unaruhusiwa kukataa zamu ya ghafla mwenzako anapougua, maana hapo ndipo wengi huvuka. Asiyeweza kukuhakikishia hilo kwa maandishi, usimwombe kazi.